Shanti ya omu 10 inazima saketi

"Nimeweka shanti ya omu 10 kupima mkondo wa saketi. Usingizini inasoma vizuri, redio ikirusha saketi inajiwasha upya. Niweke ya ngapi?"

Salama ndugu. Anza na kilele cha mkondo. Redio ikivuta miliampea 200, omu 10 zinakula volti 2 nzima. Lazima saketi izime. Mimi huruhusu milivolti 100 zipotee: 0.1 ÷ 0.2 = omu 0.5. Amplifaya ya mara 20 inakupa volti 2 za kusoma.

Ila maikroampea 50 za usingizini zitatoa maikrovolti 25 tu, na kosa la sifuri la amplifaya huzimeza. Kuliona kosa hilo, unganisha ncha zote mbili za kuingizia za amplifaya upande mmoja wa shanti. Namba utakayoiona ndiyo kosa hilo. Usingizi upime kando kwa omu 10, redio ikiwa imezimwa.