Boflo la kwanza, hamira isiyo na kosa, na hesabu ya maji baridi

Hii nawaandikia wale wanaoanza kazi jikoni huku pwani, hasa nyinyi mnaopewa resipi ya mkate na bosi halafu mnaachiwa tanuri. Ni kisa cha kijana mmoja wa gesti moja pale Shela, Lamu, na mzee aliyekuwa fundi wa boflo maisha yake yote. Mimi nilikuwepo jikoni siku hiyo kwa hiyo nasema nilichokiona.

Ilikuwa mwezi wa tatu, kaskazi imeshalegea, joto limekaa tu ndani ya nyumba hata dirisha ukifungua hakuna kinachoingia. Kijana alikuwa fundi mzuri wa mahamri, na mahamri ndiyo yalimponza manake unga wa mahamri unaukanda na tui la uvuguvugu, unafunika, ukiumuka kidogo zaidi si neno, unasukuma, unakata, unatia kwenye mafuta, vimekwisha. Boflo halina huruma hiyo. Sasa yeye akatoa resipi kwenye simu, kilo moja ya unga wa ngano, maji gramu 620, chumvi gramu 18, hamira ya chenga gramu 10, sukari kidogo na mafuta kidogo, na imeandikwa maji yawe vuguvugu, ufunike saa moja na nusu mpaka unga uwe mara mbili. Akafuata kila neno, maji akayapasha mpaka digrii 40.

Saa moja na nusu ilipofika unga ulikuwa umeshapanda, umeshashuka, umelala kwenye beseni na juu una matundu matundu kama sifongo. Akaukusanya hivyo hivyo, akautia kwenye mikebe, akaungoja tena, akaoka. Boflo likatoka limebonyea katikati, rangi imepauka japo lilikaa tanurini muda wake wote, na ukilinusa utafikiri mtu kamwaga tembo.

Kijana akasema hamira mbovu, kesho naweka mara mbili.

Mzee alikuwa amekuja kwa shughuli nyingine kabisa, kapewa kahawa yake kakaa pale mlangoni. Kijana akamwendea na boflo mkononi, "Shikamoo ami, hebu nitazamie hili." Mzee akaitikia marahaba, akaomba kisu, akalipasua katikati kabla ya kusema lolote. Ndani, chini ya ganda la juu, kulikuwa na nafasi tupu kidole kinaingia, halafu matundu makubwa yasiyolingana, halafu kule chini kabisa mstari mzito umeshikana kama haukuiva.

"Mwanangu, hamira mbovu haipandishi kitu," mzee akasema. "Boflo la hamira iliyokufa linatoka tofali, halina tundu, halina harufu. Hili lako limepanda, tena limepanda sana, likachoka. Hamira yako nzima, umeikimbiza tu."

Hapa wageni wengi ndipo mnapopotea, kwa hiyo nakaa kidogo. Unga ulioumuka kupita kiasi na unga usioumuka yote hutoa mkate mfupi, kwa hiyo ukitazama kimo peke yake hujui lipi ni lipi, lazima ukate uone ndani na unuse. Harufu ya pombe, ganda lililopauka na matundu makubwa juu na uzito chini, hiyo ni hamira iliyofanya kazi haraka mno. Ganda linapauka kwa sababu sukari iliyokuwa ndani ya unga imeshaliwa, na bila sukari mkate hauchukui rangi hata uuache tanurini mpaka ukauke. Na nyuzi za ngano zile zinazoshika hewa zinalegea, haziwezi tena kubeba, ndio mkate unabonyea. Angeongeza hamira mara mbili kesho yake angepata kibaya zaidi.

Mzee akauliza maji yalikuwa na joto gani, akaambiwa 40. Akauliza unga ulikaa wapi, akaambiwa pale juu ya kabati karibu na jiko. Wakachukua themomita ya nyama wakaichomeka kwenye gunia, 31. Hewa ya jikoni 32. Mzee akamwambia ajumlishe, 31 na 32 na 40, aongeze 3 ya mikono inapokanda manake kukanda nako kunaleta joto, ikawa 106, gawa kwa tatu. Ni 35 na kidogo.

"Basi donge lako lilizaliwa na 35. Linatakiwa lizaliwe na 25, 26. Kila digrii nane kumi unazoongeza, hamira inaenda karibu mara mbili ya spidi. Hiyo saa na nusu yako imeandikwa na mtu wa nchi ya baridi, kwako ilikuwa dakika arobaini."

Sasa fikirieni, unga huwezi kuupoza kwa haraka, hewa ya jikoni ndiyo kabisa, mikono ni ile ile. Kilichobaki cha kuchezea ni maji. Kwa hiyo hesabu unaigeuza, unaanza na joto unalolitaka. Unataka 26, zidisha kwa tatu unapata 78, toa joto la unga, toa joto la hewa, toa joto la kukanda, kinachobaki ndicho joto la maji. Kwa siku ile ilikuwa hivi:

```
26 x 3 = 78
78 - 31 - 32 - 3 = 12
```

Maji ya digrii 12, na maji ya tangi la juu ya paa yalikuwa 33 yenyewe bila kupashwa. Hapo inaingia barafu, na barafu usiimwage kwa macho, ina hesabu yake. Chukua uzito wa maji yote ya resipi, zidisha kwa tofauti kati ya maji uliyonayo na maji unayoyataka, halafu gawa kwa joto la maji uliyonayo ukijumlisha 80:

```
620 x (33 - 12) / (33 + 80) = 115
```

Gramu 115 za barafu na maji gramu 505, jumla ni zile zile 620. Watu wanasahau hapo, wanapima maji 620 kisha wanaongeza barafu juu, halafu wanashangaa donge limekuwa uji. Hiyo 80 ni kwa sababu barafu inapoyeyuka inakula joto jingi sana, kilo moja ya barafu ikiyeyuka tu inakula joto sawa na la kupoza kilo ya maji kwa digrii 80, ndio maana kipande kidogo kinafanya kazi kubwa.

Kijana akasema barafu ipo, kuna ya wavuvi pale gatini. Mzee akamtazama. Barafu ya samaki ni ya samaki mwanangu, gandisha maji yako ya kunywa kwenye friji. Ivunjevunje ndogo, koroga mpaka vibaki vichenga, ndio umwage kwenye unga, manake ukikanda na mabonge unapata donge lenye sehemu baridi na sehemu moto. Na hamira ya chenga usiitie moja kwa moja kwenye maji ya barafu, inashtuka na nyingine hufa, ichanganye na unga mkavu kwanza.

Wakakanda la pili jioni ile ile. Hamira mzee aliikata nusu, gramu 5, manake donge hata likizaliwa na 26 jikoni bado ni 32 kwa hiyo linaendelea kupata joto taratibu likiwa limefunikwa. Walipomaliza kukanda wakachomeka themomita katikati ya donge: 27. Kijana akafurahi, karibu tu. Mzee akasema hapana, hapo ndipo unapojifunza mikono yako, akamrudisha kwenye hesabu. 27 mara tatu ni 81, toa unga 31, toa hewa 32, toa maji 12, inabaki 6. Ile 3 ilikuwa ya kukisia, ya kweli ni 6 manake kijana anakanda kwa nguvu na kwa muda mrefu na viganja vyake vya moto. Kuanzia hapo anaandika 6, maji yake yanakuwa 9 badala ya 12 na barafu inafika kama gramu 130. Shikeni hili, donge likikosea digrii moja maji yanabadilika tatu, likikosea mbili yanabadilika sita.

Kuhusu muda, mzee hakutaja saa kabisa. Alichovya kidole kwenye unga mkavu akabonyeza donge: shimo likirudi upesi bado, likirudi polepole na kubaki alama, tayari, lisiporudi kabisa limepita. Jaribio hilo hilo likifika kwenye mkebe kabla ya kuoka. Boflo la pili lilitoka na rangi, na ulipolikata matundu yalikuwa madogo yanayofanana toka chini mpaka juu. Kidogo lilikuwa na chumvi nyingi kwa ulimi wangu lakini hilo halihusiani.

Nitasema jambo ambalo mimi na mzee hatukubaliani. Yeye zamani hakuwa na themomita, anasema alipima maji kwa mgongo wa mkono na alikanda usiku mkubwa kabla ya alfajiri ili unga na hewa vipoe vyenyewe, na anaona themomita ni ya watoto. Kukanda usiku ni akili kubwa, nawashauri mwige. Mgongo wa mkono wake hapana, ule umekanda miaka na miaka, wako wewe mgeni hautofautishi 12 na 18, na digrii sita kwenye maji ni mbili kwenye donge.

Pia msiikariri namba ya siku moja. Kusi ikishika, mwezi wa saba, jikoni lile lile hewa inaweza kuwa 26 na unga 25, maji yanayotakiwa yanakuwa 21, na maji ya tangi nayo yakiwa yamepoa mpaka 26 barafu ni gramu thelathini hivi. Ukiendelea kumwaga 130 donge litazubaa na wageni watakunywa chai kavu. Pima kila siku, ni dakika mbili.

Kisha gesti ikanunua mashine ya kukandia, na mashine inapasha donge kuliko mikono. Joto la kukanda la mashine yao lilitoka 12 badala ya ile 6 ya mikono. Kwa joto la mwezi wa tatu 78 toa 31 toa 32 toa 12, maji ya digrii 3, barafu kama gramu 165, na siku nyingine hesabu inakupa namba chini ya sifuri ambayo hakuna maji yanayoweza kuwa nayo. Hapo ndipo unga wenyewe unaingia friji: kijana anapima kilo zake usiku, anafunika kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana manake unyevu wa Lamu ukiingia unga unashikana mabonge, asubuhi unga unatoka na 10 au 12, na kuna siku maji ya tangi yanaingia vile vile yalivyo bila kipande cha barafu.