Flashi Inapokosa Kuonekana kwa Sababu Herufi Yake Ina Mwenyewe

Katika saiba moja hapa Nakuru ninayoitengenezea kompyuta, wateja walilalamika kwamba flashi zao zinawaka taa, kompyuta inatoa mlio wa kuzitambua, lakini hazionekani ndani ya This PC. Flashi hizo hizo zilifunguka vizuri kwenye kompyuta ya kaunta, na hilo lilinionyesha kwamba hazikuwa na hitilafu.

Kila kompyuta ya wateja ilikuwa imeunganishwa, kwa herufi E:, na folda iliyomo katika kompyuta ya kaunta. Muunganisho wa namna hiyo ni wa mtumiaji aliyeingia, ilhali herufi ya flashi hutolewa na mfumo wenyewe, ambao huenda usijue kwamba mtumiaji ameshaichukua E:. Flashi ikipewa E: pia, folda ya mtandao huifunika.

Ili kuthibitisha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `diskmgmt.msc`, kisha utazame sehemu ya chini ya dirisha. Ukiona flashi imeandikwa Healthy na ina E:, huku E: ya File Explorer ikifungua folda ya mtandao, mgongano ni huo. Amri ya `net use`, ukiiandika katika Command Prompt, itakuorodheshea miunganisho iliyopo, ila usiiendeshe katika dirisha la msimamizi, kwa kuwa huko miunganisho ya mtumiaji wa kawaida mara nyingi haionekani.

Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kisanduku cha flashi, wala si juu ya jina la diski lililo kushoto, uchague Change Drive Letter and Paths, kisha Change, na uipe herufi iliyo mbali kama P:. Iwapo flashi haina herufi kabisa, tumia Add. Kazi hii inahitaji ruhusa ya msimamizi, na onyo litakalotokea halina uzito kwa flashi, ingawa lina uzito mkubwa kwa diski yenye programu zilizosakinishwa.

Kompyuta hiyo itaikumbuka P: kwa flashi hiyo, lakini mteja wa kesho atakuja na nyingine. Kwa hiyo katika saiba ile niliona afadhali kuihamisha folda yenyewe hadi mwisho wa alfabeti, ambako flashi hazifiki upesi:

```
net use E: /delete
net use Z: \\KAUNTA\kazi /persistent:yes
```

Badala ya KAUNTA na kazi, weka majina ya kompyuta na folda yako, na ufunge kwanza faili zozote zilizofunguliwa kutoka E:. Njia za mkato zilizokuwa zikielekea E: itabidi zitengenezwe upya.

Endapo kisanduku kimeandikwa RAW au Unallocated, tatizo si herufi. Usikubali Format wala Initialize ikiwa ndani mna kazi ya mtu, kwa sababu hapo kinachohitajika ni kuokoa data kwanza.