Karata za mzee mwenye macho hafifu na vidole vibovu

"Baba yangu yupo Wete, ana mtoto wa jicho na vidole vyake vina baridi yabisi. Karata zinamdondoka, na pau anaiona shupaza. Nimtafutie zile karata kubwa kubwa?"

Usimtafutie karata kubwa, ndugu yangu. Mtafutie karata za saizi ya kawaida zenye namba kubwa. Ile iliyopanuliwa yenyewe inasomeka, lakini mkono usiokaza hauiwezi, na barazani upepo unaipeperusha.

Ami yangu hapa Unguja ana matatizo hayo hayo mawili, na bado anacheza wahedi wa sitini. Zake ni karata za kawaida za plastiki, tumeziandika kwa kalamu ya wino usiofutika. Namba ina urefu wa sentimita 2, na chini yake herufi ya kwanza ya jina: K ya kopa, S, U, P. Herufi ndiyo inayomwokoa, kwa sababu mtoto wa jicho hufifisha rangi, na jioni nyekundu iliyokoza na nyeusi humchanganya. Andika pembe ya juu kushoto, kisha geuza karata juu chini uandike tena pale pale, ili ishikwe vyovyote isomeke. Karata za karatasi ziangalie kwa mgongo kwanza. Wino ukipenya, wenzake watamjua ana nini.

Kwa vidole, mwambie seremala akupasulie mfuo kwenye kibao kizito, upana milimita 3, kina sentimita 1, ulale kidogo kwa nyuma. Urefu unaupata hivi: kila karata ionyeshe sentimita 3 za ubavu wa kushoto, na ya mwisho ionekane yote, sentimita 6. Karata 9 zitataka sentimita 30, basi akate 35. Kikiwa kifupi karata zitabanana na namba zitafunikana, nawe utamwona anazichomoa moja moja kuzisoma. Mfuo ukipwaya, zitaanguka mbele, na hapo mkono wake wote utakuwa wazi kwa wenzake.

Pale pa kutupia karata tandika kitambaa kinene cha rangi iliyokoza. Karata nyeupe inaonekana vizuri juu yake, na akibonyeza ukingo mmoja wa pili unanyanyuka, anaipata bila kukwangua kwa kucha. Mkalishe mwanga umtokee nyuma ya bega, maana plastiki inang'aa, na mwanga ukigonga karata hasomi kitu.

Kuchanga na kugawa afanye mwengine. Kila anayetupa aitaje: "ree ya kopa!" Hili wachezaji wenzake hulisahau mchezo ukikolea, kwa hiyo liwekeni kuwa sharti tangu turufu inapojulikana.

Wakati unamngojea seremala, pindua brashi ya kufulia yenye nywele ngumu, uchomeke karata baina ya nywele. Zitakaa tano au sita, basi mchezo wa karata chache anaweza kuuanza leo.