Maswali na majibu: chupa za asali zilizotoa povu na ripoti yake ya kasoro

Shikamoo mzee. Nasimamia chumba cha kujazia asali hapa Tabora mjini. Duka la Mwanza limeturudishia chupa zinazotoa povu. Nimejaza ripoti ya kasoro, sehemu ya maelezo nikaandika "asali imeharibika", meneja ameirudisha. Alitaka nini?

Marahaba. Alitaka kitu ambacho mtu asiyeziona chupa hizo anaweza kukifanyia kazi. Maelezo yaseme kilichotakiwa, kilichokutwa, na kiasi chake. Baada ya kuongea nawe kwa simu na kupewa ruhusa ya kutumia tarakimu zako, mimi ningeandika hivi:

"Bechi moja, chupa 600 za gramu 500, zilijazwa siku moja kutoka tangi la kilo 300. Mteja amerudisha chupa 14 zenye povu, vifuniko vimevimba, harufu ya pombe. Unyevu katika chupa 5 zilizopimwa ni asilimia 21.0 hadi 21.3. Kiwango: usizidi asilimia 20. Sampuli ya bechi hiyo iliyotunzwa stoo inasoma asilimia 18.4. Chupa zote 14 zina lebo ya kujazwa kuanzia saa tisa alasiri."

Hiyo asilimia 20 ni ya Codex, kiwango cha kimataifa cha asali. Ukiivuka, chachu ambazo karibu kila asali inazo hupata maji ya kutosha kufanya kazi, na asali inachacha. Ikiwa chini ya asilimia 17 hivi, hazifui dafu.

Sasa soma tena sentensi mbili za mwisho. Bechi ni moja, lakini sampuli inasema 18.4 na chupa zinasema 21. Tena chupa mbovu zote ni za alasiri, hakuna hata moja ya asubuhi. Ungeandika "imeharibika" peke yake, dalili hizo mbili zingepotea, na ndizo zilizokuja kuonyesha chanzo. Neno moja zaidi: usiweke sababu kwenye maelezo. Mtu akishaandika "kwa uzembe wa mpimaji", hakuna atakayehangaika kutafuta tena.

Mzigo wenye kasoro tunautenga stoo na kuuwekea kibao cha "USIGUSE". Si inatosha?

Kwa mzigo ulio stoo, ndiyo, mradi ufunguo awe nao mtu mmoja na idadi iandikwe. Shida ni kwamba mzigo wenye kasoro mara nyingi haupo stoo. Katika kesi ya hapo juu chupa 240 zilikuwa stoo, 300 zilikwisha kwenda Mwanza, na 60 zilikuwa maduka ya mjini. Jumla ni 600. Hesabu hiyo lazima ifunge kabla hujaandika kwamba mzigo umezuiwa. Ikibaki chupa moja isiyojulikana ilipo, andika kwamba haijulikani ilipo. Zilizokwisha kuuzwa nazo ziandikwe hivyo, pamoja na tarehe mwenye duka alipopigiwa simu.

Kuna hatua ambayo wengi huiruka. Kuzuia hakuishii kwenye bechi iliyolalamikiwa. Jiulize: bechi zipi nyingine zilipita kwenye tangi lile lile, zikapimwa kwa namna ile ile? Wafanyakazi wa chumba cha kujazia walipojiuliza hivyo walitoa bechi mbili zilizotangulia, wakafungua chupa za mwisho kujazwa. Moja ilikuwa salama. Nyingine ilisoma 20.4, haijatoa povu bado. Ilikuwa inasubiri tu joto la rafu ya duka.

Hizo chupa si mngezichemsha mkaziuza? Kutupa asali ni dhambi.

Kupasha moto kunaua chachu, lakini maji yanabaki pale pale, kwa hiyo bado uko juu ya asilimia 20. Isitoshe, joto linapandisha kemikali iitwayo HMF, ambayo nayo ina kikomo: Codex inaruhusu miligramu 80 kwa kilo kwa asali ya nchi za joto. Na ladha ya uchachu haitoki.

Asali mbichi yenye unyevu mkubwa ambayo haijaanza kuchacha ina njia: kuichanganya na kavu. Kilo 100 za asilimia 21 ukizichanganya na kilo 200 za asilimia 18 unapata asilimia 19. Lakini uamuzi huo uwe na sahihi ya mwenye mamlaka, mchanganyiko upimwe upya, na upewe namba yake ya bechi. Iliyokwisha kuchacha haiuzwi tena kama asali. Ripoti iseme imekwenda wapi, kilo ngapi, nani alishuhudia. Najua Tabora hakukosekani mpishi wa wanzuki atakayeipokea kwa mikono miwili. Hata hivyo isitoke kwa mlango wa nyuma bila karatasi, maana ndoo isiyo na karatasi huwa na tabia ya kurudi kwenye chupa.

Kila ripoti yetu, kwenye hatua ya kurekebisha, tunaandika "mfanyakazi ameonywa na kuelekezwa upya". Mkaguzi amekataa safari hii. Kwa nini?

Kwa sababu kesho mfanyakazi mwingine atakaa kwenye kiti kile na kasoro itatokea tena. Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo ISO 9001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, nayo inayatenganisha. Kutoa chupa mbovu sokoni ni kuondoa tatizo lililopo. Hatua ya kurekebisha ni ile inayoondoa chanzo ili lisirudi. Onyo haliondoi chanzo chochote.

Turudi kwenye kesi yetu. Mpimaji alikuwa ameonywa tayari, ingawa alipima, akaandika 18.4, na 18.4 ilikuwa kweli. Basi kwa nini chupa za alasiri zilikuwa na 21? Jibu lilikuwa ndani ya tangi. Asali yenye maji mengi ni nyepesi kuliko iliyo kavu. Ukimimina ndoo za wafugaji mbalimbali kwenye tangi moja bila kukoroga, ikakaa usiku kucha, ile yenye maji hupanda juu na nzito hukaa chini. Mpimaji alichukua sampuli asubuhi kwenye koki, na koki iko chini. Alipima sehemu nzuri kuliko zote. Chupa za asubuhi zikajazwa asali kavu, na kadiri tangi lilivyoshuka ndivyo ile ya juu ilivyofika kwenye koki. Saa tisa ikafika.

Swali linaendelea: ndoo zenye maji ziliingiaje? Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza, baadhi ya masega yalivunwa kabla nyuki hawajayafunga kwa nta, na mapokezi walikuwa wanapima ndoo moja katika kila kumi. Ndoo zilizosubiri mzani nazo zilikaa wazi, na asali hunyonya unyevu wa hewa. Yenye asilimia 17.4 hutulia kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 58 hivi. Hewa ikizidi hapo, asali inaongezeka maji hata kama hujaigusa.

Kwa hiyo hatua zilizoandikwa zilikuwa mbili. Mapokezi: kila ndoo inapimwa, inayozidi asilimia 19 hairuhusiwi kuingia tangini, na mfuniko hautoki mpaka zamu ya ndoo ifike. Tangi: linakorogwa polepole, kisha sampuli inachukuliwa juu, katikati na chini, na kipimo kikubwa kuliko vyote ndicho kinachoamua. Fomu ya kujazia ikaongezwa visanduku vitatu, na koki ikawekewa kufuli. Visanduku havijajaa, kufuli halifunguliwi. Kila hatua ikawa na jina la mhusika na tarehe.

Mfuga nyuki wetu wa Sikonge analalamika. Tunapima asali yake mchana inasoma 20.5, tunaikataa, anaipeleka kwingine inasoma 19.6. Nani mwongo?

Huenda hakuna mwongo. Rifraktomita ya asali, yaani kile kifaa cha kupimia unyevu, imetengenezwa isome sawasawa kwenye joto la nyuzi 20. Asali au kifaa kikiwa na nyuzi 30, kwa kifaa kisichojirekebisha chenyewe, unyevu unaonekana mkubwa kuliko ulivyo kwa karibu asilimia 0.9. Tofauti yenu ni hiyo hiyo. Hata kifaa kinachojirekebisha kinahitaji tone la asali likae kwenye kioo kama dakika moja, lipate joto la kioo. Asali iliyoganda iyeyushwe kwanza ndani ya chupa iliyofungwa, ipoe, ndipo ipimwe.

Angalieni pia mnaihakiki kwa kutumia kitu gani. Nimeona mtu akiweka tone la maji na kutafuta sifuri. Skeli ya kifaa cha asali haifiki kwenye maji. Hutumika mafuta maalumu yanayokuja nacho. Mkikuta kifaa kinadanganya, hiyo nayo ni kasoro ya kuandikiwa ripoti, na vipimo vyote tangu uhakiki wa mwisho uliokuwa sawa vinaingia kwenye shaka. Na huyo mfugaji mpigieni simu.

Hatua zote zilikamilika Januari. Meneja anataka ripoti ifungwe. Mkuu wa ubora anakataa, anasema subirini. Nani yuko sahihi?

Inategemea ni asali gani imepita tangini tangu hapo. Kufunga kuna maswali mawili. La kwanza, hatua zimefanyika? Hilo unalijibu kwa siku moja: fomu mpya ipo, kufuli lipo, walioelekezwa wametia sahihi. La pili, zimefanya kazi? Hilo linajibiwa na bechi zenyewe.

Kama tangu hatua hizo zianze mmepokea ndoo za kiangazi tu, zote kavu, basi vipimo vya juu na chini vitalingana hata kama hakuna aliyekoroga. Mfumo haujajaribiwa. Unajaribiwa pale ndoo za mvua zinapofika mapokezi. Katika kesi yetu waliandika sharti la kufunga tangu siku ya kwanza: bechi tano mfululizo za msimu wa mvua, tofauti kati ya sampuli ya juu na ya chini isizidi asilimia 0.3, na chupa mbili za mwisho za kila bechi zikae siku 30 kwenye joto la kawaida la chumba bila povu. Bechi ya tatu ilitoa tofauti ya 0.7. Kumbe mkorogaji alikuwa anaishia nusu ya tangi kwa sababu mwiko ulikuwa mfupi. Mwiko mrefu ukanunuliwa, hesabu ikaanza upya kutoka moja.

Anayethibitisha asiwe yule aliyetekeleza. Kiwanda kikiwa kidogo, hata mtunza stoo anaweza kusimama pembeni ya tangi akaangalia sampuli tatu zikichukuliwa. Atie sahihi kwa alichokiona.

Na povu likirudi baada ya kufunga?

Fungua ripoti mpya, taja namba ya ile ya zamani, na anzia kwenye saa iliyo kwenye lebo.