Klonidini ya usiku: mpime mtoto akiwa amesimama

Nyinyi mnaoanza uuguzi kwenye kliniki za watoto huku Marekani, klonidini mtaizoea mapema. Mtoto mwenye shida ya umakini anameza methilfenideti asubuhi, darasani anatulia, lakini usiku macho makavu. Daktari humwandikia klonidini, mara nyingi aanze na nusu ya kidonge cha miligramu 0.1, kama saa moja kabla ya kulala.

Dawa hii ilizoeleka kwanza kama dawa ya presha ya watu wazima. Inatuliza sehemu ya chini ya ubongo inayotoa noradrenalini, kemikali inayotuweka macho na kukaza mishipa ya damu. Kemikali hiyo ikipungua, mtoto anasinzia. Hapohapo mishipa inalegea, moyo unapiga polepole na presha inashuka. Usingizi na presha vinatoka mlango mmoja, na asubuhi dawa huwa bado imo mwilini.

Mwaka wangu wa kwanza aliletwa mvulana wa miaka minane aliyekuwa akiona kiza kila anapotoka kitandani. Nilimpima amekaa: 96 kwa 60. Nikaandika kwamba yuko sawa. Muuguzi mwenzangu, mama mtu mzima, akaniambia, "Mwanangu, hujapima kitu." Akamlaza dakika tano, akampima: 98 kwa 60, mapigo 70. Akamsimamisha, na baada ya dakika moja ikawa 76 kwa 48, mtoto kashika meza. Kipimo cha juu kikishuka 20 au zaidi mtu anaposimama, au cha chini 10, hilo si jambo la kupuuza. Na mapigo yake hayakupanda vya kutosha kufidia, kwa sababu dawa ileile inauzuia moyo usikimbie.

Tulipouliza vizuri, mama yake alikubali kwamba mtoto alikuwa akiamka saa tisa usiku, naye akaongeza dozi hadi kidonge kizima bila kuuliza. (Kuamka hivyo ni kawaida, nguvu ya dawa inapopungua.) Kwa hofu akasema anaitupa yote leo.

Hapo ndipo pa kumzuia mzazi. Mwili uliozoea klonidini ukinyimwa ghafla, noradrenalini hurudi kwa kishindo: ndani ya siku moja au mbili mapigo yanakimbia, kichwa kinauma, mtoto anahangaika, na presha inaweza kupanda kuliko kabla ya dawa. Daktari alimrudisha kwenye nusu kidonge, akamtaka anywe maji zaidi na akae kidogo kitandani kabla ya kusimama. Wiki iliyofuata, akiwa amesimama, alikuwa 92 kwa 58.

Siku hizi mzazi akipiga simu kusema mtoto anatapika, nauliza kwanza ni dozi ngapi za usiku zimetoka na matapishi. Kwa mwili wake, hizo ni dozi zilizokatishwa ghafla.