Swali la Lugha: Kiuno kinaishia wapi?

*Swali: Naandaa somo la kupima mwili na kuchora kiolezo cha sketi kwa wanafunzi watu wazima. Nikisema "pima kiuno", kila mmoja anaweka futi kamba mahali pake. Kiuno ni wapi hasa, na nyonga je? Pia "makalio" ni neno la kutamka mbele ya darasa?*

Wanafunzi wako hawajakosea Kiswahili. Kiuno katika lugha ya kila siku ni eneo, si mstari. Anayelalamika kuumwa kiuno hushika mgongo kwa chini. Anayekata kiuno kwenye ngoma, kinachozunguka zaidi ni nyonga. Mwenye suruali atakuonyesha pale mkanda unapokaa, na mara nyingi hapo ni chini kuliko fundi anavyotaka. Mtu mzima amelitumia neno hili hivyo miaka mingi, kwa hiyo kumsomea fasili ya kamusi hakutamsaidia.

Fundi anahitaji mstari. Anza somo kwa kila mwanafunzi kujifunga utepe mwembamba tumboni, kisha ainame upande. Mwili unapojikunja ndipo utepe ukae, nasi kwa somo hili tuseme hapo ndipo kiuno. Asiufungue hadi vipimo viishe, maana hata urefu wa sketi utaanzia hapo.

Nyonga ina utata wake. Kwa wengi nyonga ni mfupa au kiungo cha paja, na anayeambiwa "pima nyonga" huzungusha futi kamba juu ya mfupa unaochomoza pembeni. Sketi inataka mahali palipo panene kuliko pote, ambapo kwa wanawake wengi ni sentimita 18 hadi 23 chini ya kiuno. Hapo neno sahihi ni makalio, na linatamkika. Kali ni "matako"; "makalio" ndiyo tafsida yake, limetokana na kukaa. Sema "mzunguko wa makalio" kwa sauti ya kawaida, watu wazima watakufuata. Kinachowaaibisha zaidi ni kuguswa, kwa hiyo waachie wachague wa kupimana naye.

Tuchukue mtu mmoja: kiuno 76, makalio 102. Mwanafunzi aliyepima kwenye mfupa wa nyonga ameandika 94. Sketi hukatwa kwa robo, kwa kuwa mbele na nyuma kila kimoja hukunjwa katikati. Robo ya 94 ni 23.5, akiongeza sentimita 1 ya ulegevu anapata 24.5, na sketi nzima itakuwa 98. Mwili ni 102. Hata ikipanda, itatoa mikunjo ya kulala na mshono wa pembeni utavutika. Kipimo sahihi kingempa robo ya 25.5, na pamoja na ulegevu 26.5. Ili kosa lionekane kabla ya mkasi, mtu yuleyule apimwe na wenzake wawili wasioonyeshana majibu. Wakipishana zaidi ya sentimita 1, warudi kwenye utepe.

Hapo utagundua kosa jingine la lugha ambalo hukuliuliza. Daftarini wengi huandika "upana wa kiuno 76". Upana ni wa kitu kilichotandazwa. Kinachozunguka mwili ni mzunguko. Ukiwazoesha kuandika "mzunguko" kwa mwili na "upana" kwa karatasi, mwanafunzi akiona "upana 102" kwenye kiolezo cha robo atashtuka mwenyewe.

Kwenye kuchora, neno la kuchunga ni mkunjo. Ni lilelile la kitambaa kilichokunjwa, la marinda na la nguo iliyojikunja vibaya. Ukiagiza tu "ongeza sentimita 1.5 za mshono pembezoni", mwanafunzi ataziongeza hata upande wa mkunjo. Kitambaa kikifunguliwa, kipande cha mbele kimezidi sentimita 3, na cha nyuma vivyo hivyo ikiwa nacho kimekatwa kwenye mkunjo. Nimeona darasa zima likiilaumu futi kamba kwa sentimita hizo 6. Kwenye mstari huo aandike maneno kamili: "Kitambaa kimekunjwa hapa, usikate." Ni marefu kwa karatasi, lakini neno "mkunjo" pekee halimwambii afanye nini. Kwa chini, upindo nao uandikwe kwa jina lake na kipimo chake, usiitwe mkunjo.

Atakayeendelea kuita makalio "hipsi" kama alivyozoea kwa fundi wake, mwache, mradi futi kamba yake inapita palipo panene.