Kabla hujaongeza komisheni ya ajenti wa nje, rudi kwenye kosting yako

*Swali: Shikamoo dada. Nina kampuni ndogo ya safari hapa Moshi. Nimetuma imeili kwa maajenti kama 60 wa Ujerumani na Uholanzi, paketi ya grupu watu 12, siku 4 usiku 3, Serengeti na Ngorongoro, komisheni 20%. Wamejibu wawili tu, wote wanauliza neti ni ngapi na tua lida wao anakaaje. Niongeze komisheni ifike 25%? Kwenye gharama nimejumlisha faida 20% so naona nafasi ipo. Kosting nimeambatanisha.*

Marahaba mdogo wangu. Nafasi haipo, na hata hiyo 20% uliyoahidi tayari inakula hela yako mwenyewe.

Hili kosa naliona karibu kila wiki na linaniuma kwa sababu watu wanafanya kazi nzuri porini halafu mwisho wa siku wanarudi na deni la lodji. Asilimia unayojumlisha juu ya gharama na asilimia anayokata ajenti si kitu kimoja hata kama zote zimeandikwa 20. We umejumlisha 20 ukianzia chini, kwenye gharama, yeye anakata 20 akianzia juu, kwenye bei ya kuuzia ambayo ni kubwa zaidi. Chukua namba zako mwenyewe. Gharama za kichwa kimoja, yaani hifadhi, konsesheni na lodji usiku tatu, umepata dola 1,040. Magari mawili siku nne pamoja na ile ada ya kushuka kreta, dola 295 kila gari ukishaweka VAT, jumla 2,590, ukigawa kwa 12 ni 216. Kwa hiyo mtu mmoja anakugharimu 1,256. Ukajumlisha 20% ikawa 1,507. Sasa ajenti anakata 20% ya 1,507, ambayo ni 301, anakutumia 1,206. Umepungukiwa dola 50 kila mtu kabla hujalipa hata umeme wa ofisi, na ukipandisha kuwa 25% unapungukiwa 126.

Ukitaka bei ambayo ajenti akitoa 20% yake we unabaki na kiasi unachokitaka, hujumlishi, unagawa. Chukua kile unachotaka kibaki mkononi, gawa kwa 0.80. Komisheni ikiwa 15% gawa kwa 0.85. Basi.

Halafu tua lida. Kwenye grupu hilo ni swali la kwanza, kwa sababu yule mwalimu au padri au mwenye klabu anayekusanya watu ndo anasafiri bure, na ajenti ameshamwahidi kabla hajakuandikia. Bure kwake haina maana ni bure kwako, geti la Naabi halijui kama huyu ni tua lida, analipiwa kama mwingine, na mara nyingi analala chumba cha peke yake kwa hiyo kuna nyongeza ya singo juu yake. Hata tukiacha hiyo nyongeza, 1,040 yake lazima ibebwe na wale 12 wanaolipa, ni kama 87 kila mmoja, kwa hiyo gharama yako ya kweli ni 1,343 sio 1,256. Kwa bei uliyotuma, ungempa nafasi ya bure ungetoa mfukoni dola 137 kwa kila mteja, 1,644 safari nzima.

Na hapo nimechukulia watu 12 wanafika kweli. Grupu linapungua, hiyo iweke kichwani. Wakibaki wanane na lida wao ni tisa, bado unahitaji Kruza mbili, ada za kreta mbili, madereva wawili, ila sasa wanaogawana ni wanane. Magari yanapanda kutoka 216 hadi 324 kwa kichwa, lida kutoka 87 hadi 130, jumla unafika 1,494. Ofisi moja niliyofanya kazi zamani tulituma bei moja tu ya watu 16, wakaja tisa, na ajenti akasema bei ni ile iliyo kwenye imeili yenu, na alikuwa na haki kwa sababu hatukuandika popote kwamba inategemea idadi.

Kwa hiyo imeili ijayo usianze na komisheni kabisa. Hao wawili waliokujibu wamekuuliza neti, yaani bei yako isiyo na komisheni ndani, kwa sababu ndo wanavyofanya kazi, ajenti anayetengeneza paketi yake mwenyewe ana ndege ya kuweka, bima, matangazo, yeye ndo anapanga auze ngapi. Mpe neti ya anayelipa ikiwa na faida yako tayari ndani. Ukitaka kubaki na 15%, gawa 1,343 kwa 0.85 unapata 1,580, na yeye akitaka 20% yake atauza 1,975, hiyo hesabu ni yake. Andika neti ya watu 12, ya 10, ya 8 na ya 6, kila moja peke yake, na useme wazi lida wa bure anaanzia watu wangapi, nyongeza ya singo ni ngapi, na siku gani ya mwisho ya kuthibitisha idadi, maana lodji nayo ina tarehe yake ya kukata hela na tarehe yako lazima iwe kabla ya hiyo.

Kitu kingine ambacho wengi hawaandiki ni bei inashika mpaka lini. Ada za hifadhi zikibadilika huwa zinaanza na mwaka wa fedha, 1 Julai, wakati ajenti wa Ulaya anauza safari ya Agosti mwaka mzima kabla. Na yeye hawezi kumrudia mteja kirahisi. Sheria ya paketi ya Umoja wa Ulaya, ile namba 2015/2302, inamruhusu kupandisha bei kwa sababu chache tu, akivuka 8% mteja anaweza kuvunja mkataba bila faini, na ikibaki chini ya siku 20 kabla ya safari hawezi kupandisha tena. So ukimwambia Juni kwamba hifadhi zimepanda, ukweli ni kwamba mzigo utarudi kwako. Tenga ada za serikali kwenye mstari wake, andika kwamba zikibadilika zinabadilika hivyo hivyo bila faida yako kuongezeka. Ajenti makini anaheshimu mstari huo.

Sasa najua haya mawazo ya 25% yanatoka wapi. Kuna watu wanapita mitandaoni wanauza semina ya masaa mawili na "listi ya maajenti elfu tano wa Ulaya", wanawaambia vijana weka komisheni kubwa utapata majibu. Hao hawajawahi kulipa invoisi ya lodji. Hizo anwani zimeuzwa kwa watu mia kabla yako na nyingi ni za watu wasiouza Afrika kabisa, unatuma elfu tano siku moja imeili ya kampuni yako inaanza kuangukia kwenye spamu hata kwa wateja waliokuwa wanakujibu.

Na komisheni kubwa inavuta wezi kweli kweli. Anakuja "ajenti" na grupu la watu 15, habishani bei, anataka kulipa yote kwa kadi, halafu anaomba umtumie komisheni yake leo leo kwenye akaunti ya mtu mwingine. Kadi ni ya wizi, wiki chache baadaye benki inarudisha hela kwa mwenye kadi, na ile uliyotuma imeshaenda. Ukifanya kazi kwa neti hela haitoki kwako kwenda kwa ajenti hata siku moja, yeye anabaki na yake huko huko kabla hajakutumia, na anayekataa neti aking'ang'ania umrudishie, acha hata kumjibu.